Stopu inayofuata bei inapokukatia faida kubwa: dalili, chanzo na marekebisho

Anayefuata mwelekeo wa soko hulipwa na biashara chache. Nyingi huisha kwa hasara ndogo au faida ndogo, halafu moja moja hukimbia mbali na kufidia zote. Kwa hiyo swali la kuiuliza stopu inayofuata bei, yaani agizo la kutoka linalosogea juu kadiri bei inavyopanda, ni moja: ile biashara kubwa ilipokuja, stopu iliifanya nini? Je, iliitupa nje mapema, au iliiacha irudishe nusu ya faida kabla ya kufunga?

Mwongozo huu unashughulikia aina tatu: stopu ya asilimia, stopu ya shandelia (kwenye programu za chati utaiona kwa jina `Chandelier Exit`) na stopu ya wastani unaosogea. Mifano yote ni ya biashara ya kununua kwenye chati ya siku. Kwa biashara ya kuuza, geuza juu iwe chini.

## Kwanza, umbali wa stopu unatokana na nini

Kabla ya kubadilisha namba yoyote, elewa kinachoamua umbali kati ya bei na stopu katika kila aina, kwa sababu hapo ndipo matatizo mengi huanzia.

Stopu ya asilimia huangalia bei tu. Ukiweka asilimia 8, stopu hukaa asilimia 8 chini ya kilele cha bei tangu uingie. Soko likitulia au likichafuka, yenyewe haibadiliki.

Stopu ya shandelia, iliyobuniwa na Chuck LeBeau, huangalia mtikisiko wa bei. Kipimo chake ni ATR, yaani wastani wa masafa halisi ya siku, ambacho J. Welles Wilder alikichapisha mwaka 1978. Masafa halisi ya siku ni namba kubwa kuliko zote kati ya hizi tatu: juu ya leo kutoa chini ya leo, tofauti ya juu ya leo na bei ya kufunga ya jana, na tofauti ya chini ya leo na bei ya kufunga ya jana. Stopu huwekwa chini ya kilele kwa ATR 3, yaani mara tatu ya ATR, na mipangilio ya kawaida ni siku 22, ambazo ni karibu mwezi mmoja wa siku za soko.

Stopu ya wastani unaosogea, ambapo unatoka bei inapofunga chini ya wastani wa bei za siku kadhaa zilizopita, huangalia kasi na muda. Hili ndilo watu wengi hulipita bila kulitazama. Bei ikipanda kwa mwendo ule ule kila siku, wastani rahisi wa siku 50 hubaki nyuma ya bei kwa mwendo wa siku 24.5, yaani (50 − 1) ÷ 2. Bei ikipanda kwa 1 kila siku, wastani uko 24.5 chini yake. Ikipanda kwa 3 kila siku kwa muda wa kutosha, wastani unaachwa 73.5. Bei ikisimama, wastani unaifikia hata kama bei haijashuka hata kidogo.

## Mfano tutakaoutumia

Huu ni mfano wa kubuni, uliopangwa ili tabia za aina hizi tatu zionekane kwenye biashara moja. Unanunua kwa 100. Stopu ya mwanzo ni 92 kwa aina zote tatu, na ATR ni 2.5.

Hatua ya kwanza: bei inapanda kwa 0.75 kila siku kwa siku 60 na kufika 145. ATR imekua hadi 5. Kisha ndani ya siku chache bei inashuka hadi 132 na kurudi juu.

Hatua ya pili: kwa siku 40 bei inatembea bapa, wastani wake ukiwa karibu 139. Haivuki 145, na baada ya ile shuka ya kwanza haiendi chini ya 135. ATR inapungua hadi 4.2.

Hatua ya tatu: kutoka 140 bei inaruka kwa 3 kila siku kwa siku 30 hadi 230. ATR inafika 9. Baada ya hapo inaanguka kwa 3 kila siku.

## Dalili: umetolewa, kisha bei imeendelea bila wewe

Unatolewa kwenye shuka ya siku mbili tatu, na wiki chache baadaye bei iko juu sana ya pale ulipotoka. Kama hili linajirudia na unatumia stopu ya asilimia, chanzo karibu kila mara ni kwamba asilimia yako ilipimwa kwa mtikisiko wa siku ya kuingia, na mtikisiko umekua tangu hapo.

Tazama mfano. Siku ya kuingia, asilimia 8 ya 100 ni 8, na ATR ni 2.5, kwa hiyo stopu ilikuwa umbali wa ATR 3.2. Nafasi hiyo inatosha. Bei ilipofika 145, asilimia 8 ni 11.6, lakini ATR imekuwa 5. Stopu sasa iko umbali wa ATR 2.3 tu. Namba uliyoiweka haijabadilika, ila nafasi iliyobaki kwa bei kupumua imepungua kwa zaidi ya robo. Stopu iko 133.4, bei inagusa 132, na umetoka ukiwa na faida ya 33.4 kwenye mwendo ambao baadaye ulifikia faida ya 130.

Shandelia kwa wakati huo iko 145 − 15 = 130, haiguswi. Wastani wa siku 50 uko karibu na 127, nao hauguswi.

Kuthibitisha ni rahisi. Chukua biashara zako zilizotolewa na stopu. Kwa kila moja, gawa umbali wa stopu kutoka kilele kwa ATR ya siku ya kutoka. Zile ambazo bei ilivuka kilele cha zamani ndani ya miezi mitatu, ziweke upande mmoja. Kama nyingi za upande huo zina jibu chini ya 2.5, ulikuwa ukitolewa na mtikisiko wa kawaida wa soko. Kama zina jibu la 3 na zaidi, stopu yako haikuwa finyu kupita kiasi. Uliguswa na masahihisho ya kweli, na dawa yake iko mwishoni mwa mwongozo huu, kwenye kuingia tena.

Ukitaka kubaki na asilimia, usiipanue kwa kukisia. Kokotoa upya mara moja kwa mwezi: ATR 3 gawanya kwa bei, zidisha kwa 100. Katika mfano, siku ya kuingia jibu ni 7.5, na kwenye 145 jibu ni 10.3. Badilisha asilimia pale tu jibu jipya linapopishana na la zamani kwa pointi 2 au zaidi, na kamwe usiishushe stopu iliyokwisha kuwekwa. Asilimia mpya itumike kwa vilele vipya tu. Ukweli ni kwamba ukifanya hivi umeshatengeneza shandelia kwa mkono, na sioni sababu kubwa ya kutoitumia yenyewe, isipokuwa kama dalali wako hukubali stopu ya asilimia peke yake.

## Dalili: umetolewa bei ikiwa haijashuka popote

Hii ni dalili ya stopu ya wastani. Biashara imepanda vizuri, imetulia kwa wiki kadhaa, halafu siku moja ya kawaida kabisa inafunga chini kidogo ya wastani na unatoka. Wiki inayofuata ndipo mwendo mkubwa unaanza.

Chanzo ni muda. Katika hatua ya pili ya mfano, bei iko bapa kwa siku 40. Wastani wa siku 50 sasa umejengwa na siku 10 za mwisho wa kupanda, zenye wastani wa karibu 141.6, na siku 40 za bapa zenye wastani wa 139. Jumla inatoa karibu 139.5, ambayo ni katikati kabisa ya eneo ambalo bei inacheza. Kufunga kwa 136 kunatosha kukutoa, na 136 ni siku ya kawaida katika eneo la 135 hadi 145. Faida yako ni 36. Wiki chache kabla ya hapo, bei ilishuka hadi 132 na wastani haukukutoa. Sasa unatoka kwa bei ya juu zaidi ya ile, kwa sababu ya kusubiri tu.

Kuna wanaolipenda jambo hili, na wana hoja: fedha iliyokaa bapa ingeweza kufanya kazi kwingine. Lakini miendo mikubwa mara nyingi hupumzika kwa wiki nyingi katikati ya safari. Stopu inayotoa kwa sababu ya muda hukutoa hasa kwenye mapumziko hayo.

Marekebisho yanayofaa ni kuweka ukingo chini ya wastani, uliopimwa kwa ATR. Toka pale tu bei inapofunga chini ya wastani kutoa ATR 1.5. Katika mfano, 139.5 − (1.5 × 4.2) = 133.2, na kufunga kwa 136 hakukutoi. Kusubiri kufunga mara mbili mfululizo chini ya wastani kunasaidia kidogo tu, kwa sababu katika eneo la bapa siku mbili mfululizo chini ya katikati ni jambo la kila wiki. Kurefusha wastani hadi siku 100 kunaahirisha tatizo na kufanya dalili inayofuata kuwa mbaya maradufu.

Ukingo huu una gharama yake, na tutaiona kwenye kilele.

## Dalili: umebaki hadi mwisho, lakini faida nyingi imerudi sokoni

Hapa stopu haikukutoa katikati. Ilikutoa baada ya kilele, mbali mno.

Kwenye kilele cha 230 hali iko hivi. Asilimia 8 ingekuwa 211.6. Shandelia iko 230 − 27 = 203. Wastani wa siku 50, wenye siku 30 za kuruka na siku 20 za bapa, uko karibu 167.5, yaani 62.5 chini ya bei. Ule mwendo wa kasi umeuacha wastani nyuma kabisa.

Anayetumia wastani hatoki kwa 167.5 lakini, kwa kuwa wastani unaendelea kupanda wakati bei inashuka. Kila siku unaacha bei ya zamani ya karibu 139 na kupokea mpya ya 200 na kitu. Kwa bei inayoshuka 3 kila siku, vinakutana siku ya 15, bei ikiwa 185. Kati ya faida ya 130 iliyokuwapo kwenye kilele, amebaki na 85. Aliyeweka ukingo wa ATR 1.5 anatoka siku ya 18, karibu 176, na anabaki na 76. Hiyo tofauti ya 9 ndiyo ada ya ukingo uliomnusuru katika hatua ya pili. Aliyetumia shandelia anatoka 203 akiwa na 103.

Jinsi ya kujua kwamba chanzo ni kasi: siku ya kilele, toa wastani kwenye bei, kisha gawa kwa ATR. Mwishoni mwa hatua ya kwanza, umbali ulikuwa karibu 18.4 na ATR 5, jibu 3.7. Kwenye 230, jibu ni 62.5 ÷ 9 = 6.9. Jibu likipita 6, stopu ya wastani haikulindi tena kwa maana yoyote ya karibuni. Bei inaweza kuanguka kwa wiki mbili bila stopu kusema lolote.

Marekebisho ninayoyaamini ni kubadilisha aina ya stopu, siyo namba yake. Baki na wastani wenye ukingo hadi umbali upite ATR 6, kisha hamia shandelia ya ATR 3 kwa muda wote uliobaki wa biashara. Usihamie ATR 1.5 au 2 kwa hofu ya kupoteza faida. Miendo mikali hupita ATR 6 na kuendelea mbali, na humo ndani huwa na siku za kushuka ATR 2 kwa saa chache. Ukibana hapo, umerudi kwenye dalili ya kwanza, tena mahali ambapo inauma zaidi.

Kwa stopu ya asilimia, faida inayorudi hufuata hesabu tofauti, na hesabu hii huwashangaza wengi. Asilimia inapimwa kwa bei nzima, wakati wewe unahesabu faida. Chukua stopu ya asilimia 20. Ukinunua kwa 100 na bei ikafika 125, stopu iko 100: faida yote inaweza kurudi. Bei ikifika 200, stopu iko 160, na unarudisha 40 kati ya 100, yaani asilimia 40 ya faida. Ikifika 300, stopu iko 240, na unarudisha 60 kati ya 200, asilimia 30. Kadiri mshindi anavyokuwa mkubwa, ndivyo sehemu inayorudi inavyokaribia 20, lakini haifiki. Kwa hiyo asilimia pana ni ghali sana kwa washindi wa kati na huvumilika kwa washindi wakubwa kweli. Kama soko lako halitoi miendo ya kuzidisha bei mara mbili, asilimia 20 itakuacha na vilio tu kila unapofunga.

Katika mfano wetu, asilimia 20 ingekaa 116 wakati bei ilipokuwa 145, ingepita hatua zote salama, na ingekutoa 184 ukiwa na 84.

Linganisha sasa: asilimia 20 inatoka 184, wastani wa siku 50 ungetoka 185 kama ungevumilia bapa, na shandelia ya ATR 5 ingetoka 230 − 45 = 185. Aina tatu tofauti, karibu namba moja. Nimepanga mfano kwa namna hiyo, lakini kanuni iliyo nyuma yake hutokea kwenye soko lolote: umbali unaotosha kuvumilia sahihisho zito katikati ya safari utakutoza sahihisho zito kama hilo mwishoni, kwa sababu siku ile stopu haijui kama hii ni katikati au mwisho. Hakuna mpangilio unaofuta ada hiyo. Unachagua tu uilipe wapi.

## Dalili: stopu ya shandelia inashuka

Unaangalia chati na kukuta stopu ya leo iko chini ya ya jana, ingawa biashara ni ile ile. Sababu ni mbili.

Ya kwanza ni ATR kupanda. Siku moja yenye masafa ya 20 wakati ATR ni 5 huisogeza ATR ya siku 22 hadi 5.68, na stopu inashuka karibu 2 kama kilele hakijabadilika. Siku chache za namna hiyo mfululizo, ambazo ndizo hutokea bei inapoanza kuanguka, zinaweza kuisogeza stopu mbali na bei wakati ule ule unaouhitaji ulinzi.

Ya pili ni dirisha la siku 22. Programu nyingi huchukua kilele cha siku 22 zilizopita. Katika hatua ya pili, kilele cha 145 kinatoka dirishani siku ya 23, na kama tangu hapo bei haikupita 142, stopu inashuka kwa 3 bila tukio lolote.

Dawa ya zote mbili ni kuifungia stopu isirudi chini, na kuifungua upya kila biashara mpya inapoanza. Kwa anayeandika mkakati kwenye TradingView kwa Pine:

```
ghafi = ta.highest(high, 22) - 3 * ta.atr(22)
var float stopu = na
stopu := strategy.position_size > 0 ? math.max(nz(stopu, ghafi), ghafi) : na
```

Mstari wa mwisho una kazi mbili: `math.max` huzuia kushuka, na `na` hufuta stopu ya zamani ukiwa nje ya soko. Ukisahau hiyo ya pili, biashara mpya itarithi stopu ya ile iliyopita.

Kuna kasoro nyingine inayotokana na dirisha hilo hilo: kutolewa siku ile ile ya kuingia. Ukinunua kwenye shuka, kwa mfano kwa 107 wakati kilele cha mwezi ni 120 na ATR ni 4, shandelia iko 108, tayari juu ya bei yako. Hapo tumia kilele tangu ulipoingia, siyo kilele cha siku 22. Kwa biashara ninazotaka ziende mbali ningeshika kilele cha tangu kuingia kila wakati, kwa sababu kinaondoa kasoro zote mbili za dirisha.

## Dalili: shandelia imekutoa soko likiwa kimya

Hii hutambuliwa na wachache kwa sababu haionekani kama kosa. Bei inatembea bapa, masafa ya kila siku yanapungua, na ATR nayo inapungua. Stopu inapanda taratibu bila kilele kipya, mpaka inakutana na ukingo wa chini wa eneo la bapa.

Katika mfano, ATR ilipungua hadi 4.2 na stopu ikapanda hadi 145 − 12.6 = 132.4. Bei ya chini ilikuwa 135, kwa hiyo biashara ilipona kwa 2.6. Kama ATR ingefika 3.3, stopu ingekuwa 135.1 na ungetoka, kisha ungeikosa hatua yote ya tatu. Kwa maneno mengine, ile faida ya 103 ilisimama juu ya tofauti ndogo sana, na yeyote anayekuonyesha chati moja nzuri ya shandelia anapaswa kukuonyesha pia pengo hilo.

Rekebisha kwa kutumia ATR mbili na kuchukua iliyo kubwa: ya siku 22 na ya siku 66. Ya muda mrefu hukumbuka mtikisiko wa wakati wa kupanda, na haiachi stopu ibanwe na utulivu wa wiki chache. Mtikisiko ukikua, ya siku 22 huongoza kama kawaida.

## Dalili: bei uliyotokea si ile ya stopu

Kabla ya kulaumu aina ya stopu, hakikisha ni stopu uliyodhani unayo. Stopu ya kawaida ikiguswa hugeuka agizo la kuuza kwa bei ya soko, na soko likifungua na gepu chini yake, utauzwa kwa bei ya kufungulia. Stopu yenye kikomo cha bei hukwepa hilo, ila inaweza isiuze kabisa wakati bei inaendelea kuporomoka. Kwa mshindi mkubwa anayeanguka, hiyo ni hatari zaidi.

Kwenye MetaTrader, stopu inayofuata bei huendeshwa na programu iliyo kwenye kompyuta yako. Ukiifunga, stopu inabaki pale ilipofikishwa mara ya mwisho na haifuati tena. Pia haianzi kusogea mpaka faida ifikie umbali uliouweka. Angalia pia kama kilele kinahesabiwa kwa bei ya juu ya siku au ya kufunga, na kama stopu inaguswa ndani ya siku au hadi ifunge. Shandelia ya bei za juu inayoguswa ndani ya siku ni finyu kuliko ya bei za kufunga yenye ATR ile ile.

## Kurekebisha kwa kuingia tena

Mwenye stopu ya asilimia 8 alitoka 133.4. Tuseme ana kanuni moja ya ziada: bei ikivuka kilele alichokiacha, ananunua tena. Bei inavuka 145 mwanzoni mwa hatua ya tatu. Ananunua kwa 145, anapanda nayo hadi 230, anatolewa 211.6. Biashara ya kwanza ilimpa 33.4 na ya pili 66.6, jumla 100 kabla ya ada. Shandelia iliyobaki ndani muda wote ilitoa 103.

Yaani stopu iliyoonekana mbovu kuliko zote inakaribia kabisa iliyo bora. Alilipa 11.6 kwa kutoka na kurudi, akarejeshewa kwa kutoka karibu na kilele. Kwa aliyetoka 136 kwa wastani, kanuni hiyo hiyo inampa 36 + 40 = 76.

Masharti yake ni haya. Agizo la kununua liwekwe siku ile ile ya kutolewa, kidogo juu ya kilele, kwa sababu ukisubiri uamue wakati huo utaiona bei ya 145 kuwa ghali baada ya kuuza 133. Stopu mpya ianze kupimwa kutoka bei ya kuingia upya. Na weka kikomo cha majaribio mawili kwa kila mwendo: kila mvuko wa uongo unakugharimu asilimia 8 kamili, hapa 11.6, na mivuko miwili ya uongo inakula 23.2 kati ya 33.4 uliyokwisha kuiweka mfukoni. Kwenye masoko yenye ada kubwa au tofauti pana kati ya bei ya kununua na ya kuuza, jumlisha gharama hiyo kwenye 11.6 kabla ya kuamua. Ikizidi umbali wa ATR 3 wa siku hiyo, kuvumilia kwa stopu pana ni nafuu zaidi ya kutoka na kurudi.